Wawili Refu, Bomu Lipo

"Wawili Refu, bomu lipo." Ni maneno manne tu. Hayamalizi sekunde mbili kinywani, na wachezaji wenzako wanne wakishayasikia kila mmoja anajua la kufanya. Sasa linganisha na haya, ambayo ndiyo husikika zaidi: "Oya, oya, wapo huku! Wapo huku kwangu, wengi, daah, huyu jamaa kanivizia, mbona hamji?" Hapa hakuna aliyejua "huku" ni wapi wala "wengi" ni wangapi, na wakati wenzake wanauliza, raundi imekwisha.

Kutoa taarifa fupi katika gemu za risasi za timu ni ufundi unaojifunzwa, kama kulenga shabaha. Pa kujifunzia pazuri kuliko pote, kwa maoni yangu, ni Counter-Strike. Gemu hii ilianza mwaka 1999 kama nyongeza iliyotengenezwa na Minh Le na Jess Cliffe juu ya gemu nyingine, Half-Life, kisha kampuni ya Valve ikaichukua. Toleo linalochezwa sasa, Counter-Strike 2, lilitoka Septemba 2023. Sheria zake kuu zimebaki zile zile. Timu ni mbili, watu watano kwa watano. Washambuliaji wana bomu moja, na wanatakiwa kulitega katika moja ya maeneo mawili, A au B. Walinzi wanawazuia, au wakishindwa kuwazuia, wanalitegua. Anayekufa hafufuki mpaka raundi inayofuata, lakini sauti yake bado inawafikia wenzake walio hai. Hilo la mwisho ndilo linaloleta neema na balaa kwa pamoja.

Kwa nini maneno yanahitajika wakati kwenye kona ya skrini kuna rada? Rada humwonyesha adui kwa alama nyekundu pale mwenzako anapomwona. Lakini mtu aliyekodolea macho kona moja, akisubiri kichwa kichomoze, hawezi kushusha macho kwenye rada hata kwa nusu sekunde. Tena rada haisikii. Nyayo ulizozisikia nyuma ya ukuta unazijua wewe peke yako mpaka uzitamke. Vilevile haijui kwamba yule uliyekutana naye umemtoboa risasi tatu kabla hajakuua.

Ramani ya kufundishia itakuwa Dust II, iliyochorwa na David Johnston na kutoka mwaka 2001. Huenda ndiyo ramani inayojulikana kuliko zote katika gemu za aina hii. Mji wake ni wa majengo ya rangi ya mchanga, na una njia kuu tatu. Upande mmoja kuna njia ndefu iendayo A, ambayo skrini huiita Long A. Kundi linaloongea Kiswahili laweza kuiita Refu. Katikati kuna uwazi, Kati, na kutoka hapo panapanda njia nyembamba iendayo A pia, Catwalk, ambayo wengi huijua kama Fupi. Upande wa tatu ni mahandaki yaendayo B. Ukishatoka kwenye milango ya Refu, ukigeuka kushoto unaelekea A, na ukigeuka kulia unaingia kwenye bonde dogo ambalo mtu hujificha, yaani Shimo. Nyuma ya eneo A kuna kona ambayo wachezaji wa dunia nzima huiita Goose kwa sababu ukutani palichorwa bata bukini. Ukiniambia "Bata" nitaelewa, mradi tulikubaliana kabla.

Jina zuri la mahali lina sifa mbili: ni fupi, na lina mahali pamoja tu. Sifa ya kwanza watu huikumbuka, ya pili huisahau. Katika Dust II kuna gari karibu na A na gari lingine ndani ya B. Anayepiga kelele "Gari!" amewagawa wenzake nusu kwa nusu. Milango ndiyo mibaya zaidi, maana iko Refu, iko Kati, na iko upande wa kuingilia B. Kwa hiyo "Milango" peke yake si taarifa, inabidi iwe "Milango Refu" au "Milango Kati". Mahandaki nayo yana sehemu ya juu, inayotokea B, na ya chini, inayotokea Kati. "Handaki Juu" na "Handaki Chini" ni maeneo mawili yenye hatari mbili tofauti kabisa.

Mtu ataniuliza kama ni lazima majina yawe ya Kiswahili. Si lazima. Makundi mengi yanasema Long na Short kama yalivyoandikwa, na mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayepangwa na wageni kwenye seva ya Dubai au Afrika Kusini hana njia nyingine ila kutumia majina yale. Kipimo ni kwamba watu watano wote wakisikia neno moja waone kona moja. Kama jina limekutoka kichwani katikati ya vurugu, ukiangalia rada utaona jina la mahali ulipo limeandikwa hapo. Lisome kama lilivyo.

Baada ya majina kuna mpangilio. Konda wa daladala hapazi sauti kwa kueleza barabara ilivyo. Anataja kituo, na anayeshuka anashuka. Taarifa ya kwanza kutoka kinywani iwe idadi na mahali: "Wawili Refu." Kinachofuata ni kile kinachobadilisha uamuzi wa mwenzako, na mara nyingi kitu hicho ni bomu. Baada yake ndiyo yaje mengine, kama vile mmoja ameumia au mmoja ana bunduki ya kudungulia. Wapo wanaopenda kutanguliza mahali, "Refu, wawili," kwa hoja kwamba mahali ndipo panapomgeuza mtu. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wale wanaotanguliza hisia, kwa sababu sekunde ile ya kwanza ya "aah jamani" ndiyo sekunde ambayo mwenzao alikuwa bado ana nafasi ya kugeuka.

Tuichukue raundi moja tuifuate. Sisi ni walinzi. Mmoja yuko Refu, amejibanza kwenye gari la A. Mmoja anatazama Fupi, mmoja Kati, wawili wako B. Raundi ina dakika moja na sekunde 55, na zimepita kama sekunde 30. Moshi unatanda kwenye milango ya Refu. Mlinzi wa Refu anasikia nyayo na kusema: "Nasikia Milango Refu, zaidi ya mmoja." Hajasema "watano wanakuja". Amesema alichosikia, akabainisha kuwa amesikia na hajaona. Wenzake wa B hawajasogea, na wamefanya vyema.

Sekunde tatu baadaye mtu anachomoka kwenye moshi na kukimbilia kulia. Mlinzi anampiga risasi mbili za kifua, kisha wa pili anatokea na kumuua mlinzi wetu. Sasa huyu ni marehemu mwenye mdomo, na ana kama sekunde mbili za kuwa na faida. Anasema: "Wawili Refu. Mmoja Shimo, kala mbili. Bomu sijaliona." Halafu ananyamaza.

Tazama kila kipande kilivyofanya kazi. "Wawili Refu" kilimwambia wa Fupi kwamba hatari inamjia ubavuni. "Mmoja Shimo" kilimzuia asiende kuchungulia Refu akidhani wote wako mbele. Kilichoamua raundi, hata hivyo, ni "bomu sijaliona". Kama angesema bomu lipo, walinzi wote wawili wa B wangekimbilia A, kwa sababu washambuliaji hawana bomu la pili. Kwa kuwa hakuliona, mmoja alikwenda kusaidia na mmoja akabaki B. Wa Kati naye akaongeza maneno mawili tu, "Kati safi," yaani hakuna mtu. Taarifa ya kutokuwapo mtu wachezaji wengi hawaitoi, wakidhani taarifa ni lazima iwe na adui ndani yake. Lakini hesabu ni rahisi. Wawili wako Refu, Kati hapana mtu, basi watatu waliobaki wako wapi? Sekunde chache baadaye aliyebaki B akajibu: "Handaki Juu, nasikia wengi." Yule aliyekuwa njiani kwenda A aligeuka papo hapo. Wale wawili wa Refu walikuwa chambo.

Hapo kuna jambo ambalo anayeanza hulikosea kuliko mengine yote, nalo ni tofauti kati ya nimeona, nimesikia na nahisi. Zote tatu zina haki ya kusemwa, ila hazina uzito mmoja. "Nadhani wanakuja B" ikisemwa kwa sauti ya uhakika huwahamisha watu watatu, na A inabaki wazi. Mwenye hisia aseme "nahisi", asubiri kiongozi aamue. Timu zenye nidhamu huwa na mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho katikati ya raundi, na wengine kazi yao ni kumletea vipande, si kutoa hukumu.

Taarifa pia huchacha. Adui aliyeonekana Shimo sasa hivi, baada ya sekunde tano anaweza kuwa yuko juu ya eneo la bomu. Anayerudia "Shimo, Shimo, yupo Shimo" wakati hamwoni tena anamdanganya mwenzake bila kukusudia. Ukishamkosa machoni sema "nimempoteza", au useme alikoelekea: "Katoka Shimo, anapanda A." Mchezaji mwenye akili akisikia "alikuwa" na akisikia "yupo" hushika bunduki kwa namna mbili tofauti.

Sasa tuje kwenye uongo mtamu kuliko wote katika gemu hizi: "Kaumia sana huyo, kabakiza kidogo!" Kila aliyekufa humuona aliyemuua kama maiti inayotembea. Namba zinasema vingine. Mchezaji huanza raundi na uhai wa pointi 100. Risasi ya kifua ya AK-47 kwa mtu aliyevaa fulana ya kuzuia risasi hupunguza takriban pointi 27. Risasi moja, basi, inamwacha na zaidi ya 70, na mbili zinamwacha na kama 46. Ni risasi ya nne ndiyo inayomlaza. Ukisema kabakiza kidogo kwa sababu ulimpata moja, mwenzako atamkimbilia akitegemea risasi moja itatosha, na atakufa akishangaa. Kwa hiyo acha kupima kwa huruma yako, taja ulichokifanya: "kala moja", "kala mbili", "kala tatu". Kama hujui, usiseme kitu. Kwa aliyepigwa na bunduki kubwa ya kudungulia, AWP, akapona, taarifa ni ya kweli kabisa kwamba yuko taabani, maana risasi yake huua kwa mwili na humwacha mtu hai kwa kawaida tu inapompata mguuni.

Turudi kwenye raundi yetu. B ilishambuliwa, watu wakauana, bomu likategwa. Amebaki mlinzi mmoja na mshambuliaji mmoja. Katika mashindano bomu hulipuka sekunde 40 baada ya kutegwa. Kulitegua huchukua sekunde 10, au 5 kwa mwenye kifaa cha kutegulia. Likishategwa, saa ya raundi huondoka kwenye skrini, na aliye hai anabaki na mlio wa bomu unaozidi kwenda mbio. Wale wanne waliokufa wana mambo mawili tu ya kumpa. La kwanza ni alikoonekana adui mara ya mwisho: "Wa mwisho Gari B, kala moja." La pili ni muda, na ni afadhali kazi hiyo aifanye mtu mmoja aliyehesabu tangu mwanzo: "Ishirini." Kimya. "Kumi." Mwenye kifaa akisikia kumi anajua bado ana nafasi ya kuanza. Asiye na kifaa akisikia hilo kabla hajalifikia bomu anajua kazi imekwisha, na la busara ni kukimbia mbali na mlipuko aiokoe bunduki yake kwa raundi ijayo.

Baada ya hapo wanyamaze kabisa. Hili si suala la adabu tu. Sauti za wenzako na nyayo za adui zinapita kwenye hedifoni zile zile, na adui anayetembea taratibu badala ya kukimbia hatoi mlio wa nyayo, kwa hiyo dalili ya kuwapo kwake inaweza kuwa mlio mmoja mdogo tu, wa kubadili risasi au kuruka kutoka kwenye sanduku. Watu wanne wakisema "zunguka, zunguka, nyuma yako, tegua, usitegue" wamemziba masikio mtu wao. Na amri za namna hiyo humchanganya hata zikiwa sahihi, kwa kuwa yeye ndiye anayeona na wao wanaotazama kupitia macho yake hawaoni zaidi yake. Mwachieni. Akishindwa, lawama nazo zisubiri. Anayelalamika baada ya raundi anakula muda ule mfupi ambao timu ingekubaliana nani anunue silaha gani na nani akae wapi.

Ninajua wasomaji wengi hamchezi kwenye kompyuta bali kwenye simu. Call of Duty: Mobile ina aina ya mchezo wa kutega bomu unaofanana na huu, na karibu yote niliyosema yanafaa hapo bila kubadilishwa. PUBG Mobile ni habari nyingine. Ramani zake ni pana, zina mashamba na vilima visivyo na majina, na huwezi kusema "Refu" katikati ya pori. Hapo ndipo dira iliyo juu ya skrini inapoingia: 0 ni kaskazini, 90 mashariki, 180 kusini, 270 magharibi. "Mmoja, mia mbili arobaini, kwenye mti" ni taarifa kamili. "Kushoto kwangu" si taarifa, kwa sababu mwenzako hajui umeelekea wapi.

Ila dira ina mpaka wake, na wengi hawaujui. Namba ile inapimwa kutoka uliposimama wewe. Tuseme wewe na mwenzako mmetengana mita 50, bega kwa bega. Adui akiwa mita 300 mbele yako, namba ya mwenzako itatofautiana na yako kwa nyuzi kama 9 tu, na akitazama unakosema atamwona. Adui huyo huyo akiwa mita 50 mbele yako, tofauti inakuwa nyuzi 45, na mwenzako atakuwa anatazama ukuta. Kwa hiyo mbali tumia namba, karibu tumia kitu: "nyumba nyekundu, ghorofani", "nyuma ya jiwe kubwa". Au bonyeza alama ya kuonyesha mahali, ambayo haina lafudhi wala haikosei nyuzi. Udhaifu wa alama ni kwamba haitaji idadi, wala haisemi kama uliona au ulisikia, kwa hiyo iongezee neno moja.

Katika gemu hiyo pia tenganisha "kaanguka" na "kafa". Aliyeanguka anaweza kuinuliwa na mwenzake, na kuanguka kwake bila kufa papo hapo kwa kawaida kunakuambia kwamba bado ana mwenzake aliyesimama. Anayesema "nimemuua" kwa mtu aliyeanguka anawafanya wenzake watoke kwenye maficho mapema mno.

Kama unataka kuanza, usianze katikati ya mechi. Fungueni ramani moja ninyi watano bila adui, mtembee njia zake zote, na kila mnapofika mahali mtu hujificha mkubaliane neno moja. Majina kumi hadi kumi na tano yanatosha kwa ramani yoyote. Kisha mkicheza, tegeni maikrofoni isikike pale tu unapobonyeza kitufe, isiwe wazi muda wote. Redio ya jirani, feni na mtoto anayelia sebuleni si taarifa, na wenzako wanavisikia vyote.